Nitamwita Kijiko

Nitamwita Kijiko. Si jina lake, na hata si jina analotumia kuingia kwenye kompyuta za shule, maana nikikuandikia hilo hapa nitakuwa nimerudia kosa lilelile lililonifanya niandike hii stori. Kijiko ana miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya 7 kwenye shule moja huku Eastlando, na ndiye mtoto wa kwanza katika klabu yangu ya kompyuta aliyefanya paka aruke ukuta bila kusaidiwa.

Klabu ina watoto 42 na kompyuta 14 kuukuu. Tunatumia Scratch, ile programu ya vitalu vya rangi iliyotoka MIT mwaka wa 2007, ambapo mtoto anapanga amri kama anayepanga matofali, na picha inatembea. Mwalimu anaweza kufungua akaunti ya ualimu, akatengeneza darasa, kisha akawafungulia wanafunzi akaunti zao humo ndani. Kila mtoto anahitaji jina la kuingilia na nenosiri. Sehemu ya nenosiri niliifikiria sana. Ya jina sikuifikiria hata kidogo.

Ilikuwa Ijumaa jioni, nimechoka, na wiki iliyofuata nilikuwa na watoto 42 wa kuketisha mbele ya mashine. Nikafungua rejista. Jina la kwanza, alama ya chini, jina la ukoo, halafu kifupi cha shule, halafu mwaka wa kuzaliwa. Nikajiona mjanja, kwa sababu nikiangalia ukurasa wa darasa nilijua mara moja nani amefanya nini. Sikuhitaji karatasi ya kulinganisha, sikuhitaji kukumbuka. Ndani ya saa moja nilikuwa nimemaliza, nikaenda zangu.

Muhula wa pili, Jumanne asubuhi, katibu wa shule akaniambia kuna mzazi ananingoja. Nilimkuta amesimama, hataki kiti.

"Mwalimu, umemweka mtoto wangu wapi?"

Sikuelewa. Nikadhani ni mambo ya safari ya klabu. Nikamwambia, "Mama, mtoto yuko darasani, nimemwona asubuhi."

"Sijauliza yuko wapi. Nimeuliza umemweka wapi. Babake amepiga simu hapa jana kuuliza siku ya wazazi ni lini. Babake hajui tuko Nairobi."

Nitafupisha ya kwao, kwa sababu si yangu kuyasimulia. Mama Kijiko alitoka alikokuwa ameolewa na begi moja na mtoto mmoja, na mahakama ilishampa amri ya kumlinda dhidi ya mume. Alibadilisha laini ya simu. Aliacha chama cha kina mama wa kule. Kwa miaka miwili hakuna mtu wa upande ule aliyejua mtaa anaoishi. Halafu mimi, na ile saa moja yangu ya Ijumaa, nikawaandikia.

Alipoondoka nilikaa kwenye maabara nikatoa simu. Nikaandika majina mawili ya Kijiko kwenye Google, vile mtu yeyote angeandika. Tokeo la tatu lilikuwa ukurasa wake. Kwenye Scratch, kazi ambayo mtoto ameibonyezea kitufe cha kuishirikisha inaonwa na dunia nzima, na ukurasa wa mtumiaji una anwani inayoishia na jina lake la kuingilia. Humo ndani, kwenye sehemu ya kujieleza, Kijiko alikuwa ameandika majina yake yote matatu na jina kamili la shule. Ningemlaumu vipi? Jina lake tayari lilikuwa pale juu, nililibandika mimi. Mtoto aliona mwalimu ameandika nusu, akamalizia.

Nilihisi baridi tumboni. Ukurasa ule ulimwambia mtu asiyemjua Kijiko kuwa huyu ni msichana fulani, wa ukoo fulani, wa shule fulani, mwenye miaka fulani. Na chini yake, paka anaruka.

Siku hiyo nilifanya nilichoweza. Nilifungia kazi zake zote zisionekane, nikafuta yale maelezo, nikawaandikia wenye mtandao kuomba akaunti ifungwe. Nilitaka tu kubadilisha jina, yaishe. Haiwezekani. Kwenye Scratch jina la kuingilia ukishalisajili halibadilishwi. Akaunti ikiwa na jina baya, unaanza upya na akaunti nyingine. Watoto 42, akaunti 42 mpya. Na tokeo la Google nalo halikutoweka siku ileile. Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, nilikuwa naandika majina ya yule mtoto kwenye simu kuangalia kama bado yupo.

Naibu wa mwalimu mkuu ni mtu wa kazi, hana maneno mengi. Aliposikia akaniambia, "Kwani si utumie namba za usajili? Hizo si majina."

Ilionekana kama jibu. Lakini fikiria namba ya usajili inakaa wapi. Iko kwenye jalada la kila daftari. Iko kwenye risiti ya karo. Iko kwenye orodha ya matokeo iliyobandikwa nje ya ofisi, pembeni ya jina, na iko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Yeyote aliyefanya mtihani wa kitaifa hapa Kenya anakumbuka msimu wa matokeo: ulikuwa unatuma namba ya mtahiniwa kwa SMS, jibu likarudi na jina na alama. Namba kama hiyo haifichi jina. Ni jina kwa maandishi mengine, na ufunguo wake tumeugawa kwa kila mtu.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inalitaja jambo hili. Inazungumzia kuondoa utambulisho kwenye taarifa za mtu kwa namna ambayo haziwezi kuunganishwa naye tena bila taarifa nyingine ya ziada, na hiyo ya ziada lazima iwekwe kando na ilindwe. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni lugha ya mawakili. Mara ya pili nikaona ni maelezo ya karatasi moja. Kuna jina bandia huku nje, na kuna karatasi inayosema jina hili ni la nani. Kazi yote iko kwenye hiyo karatasi. Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na hilo pia nililiruka. Kama unadhani ni mapambo tu, Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisi hatukuwa na hata shilingi ya kununua panya mpya wa kompyuta.

Basi nikaanza tena, na nikakosea tena.

Jaribio la pili lilikuwa herufi tatu na namba: kutoka 01 hadi 42. Safi, fupi, hakuna jina. Nikaigawa kwa kufuata rejista. Yule wa kwanza kwenye rejista akapata 01, wa pili 02, hivyohivyo hadi mwisho. Nikampelekea naibu, nikijivuna kidogo. Akaichukua, akatoa orodha ya darasa kutoka kwenye droo, akaziweka sambamba mezani. Hakusema kitu. Hakuhitaji. Kila mtu mwenye orodha ya darasa letu, na orodha hiyo huzunguka kama noti ya mia, angesoma 17 akashuka kwenye mstari wa kumi na saba.

Kulikuwa na shida nyingine nikaiona baadaye. Mtoto wa Gredi ya 7 hakumbuki kuwa yeye ni 29. Anakumbuka 26, anaingia kwa mwenzake, na kwa sababu wamekaa watatu watatu kwa mashine na nenosiri linasemwa kwa sauti, anafanikiwa. Nilipoteza kipindi kizima kutafuta kazi ya nani imehifadhiwa kwa nani. Jina ambalo mtoto halishiki kichwani halimsaidii mwalimu kumtambua, na hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya sababu ya kuwa nalo.

Kwa hivyo nikaamua kila mtoto apate neno. Neno la Kiswahili, linaloshikika, likifuatiwa na tarakimu mbili. Mbele yake herufi tatu zisizo na maana yoyote, zile zile kwa darasa zima, kwa sababu Scratch hairuhusu watu wawili duniani kuwa na jina moja na maneno matupu mengi yameshachukuliwa. Herufi hizo zinanisaidia pia mimi kujua kwamba huyu ni wa klabu yangu, bila kumwambia mtu mwingine ni shule gani. Mwaka sikuuweka popote. Mwaka ni umri.

Likawa hivi, kwa mfano ambao si wa mtoto yeyote:

```
tkz_kijiko_47
tkz_mkeka_83
tkz_tufani_26
```

Ukomo wa Scratch ni herufi 20, na zinazokubaliwa ni herufi za kawaida, tarakimu, kistari na kistari cha chini. Hii ina maana ng'ombe hawezi kuingia, kwa sababu ya ile alama yake. Tarakimu nilitumia kuanzia 2 hadi 9 tu. Sifuri inafanana na herufi o, na moja inafanana na l, na kwenye vioo vyetu vilivyofifia hiyo ni dakika kumi za kilio. Tarakimu nane katika nafasi mbili zinatoa michanganyiko 64, zinatutosha na kubaki.

Kuchagua maneno ndiko kulikonifunza zaidi. Nilianza na wanyama, kama kila mtu. Nikaandika orodha, nikamwonyesha kiranja wa klabu, msichana mwenye macho makali. Akaanza kucheka kabla hajafika nusu.

"Tichaa, nani atakuwa Kiboko?"

Nikaelewa hapohapo. Kuna kijana mnene kwenye klabu, mpole, anayekaa kona. Kama karatasi ya Kiboko ingemwangukia yeye, angekuwa Kiboko hadi Gredi ya 9, na jina lisingebadilishika. Fisi, sote tunajua mtaani fisi ni nani. Punda, mbuzi, nyani, mende, yote nikayakata. Nikahamia miti, kiranja akakata mbuyu. "Tichaa, mbuyu si ni fathee?" Kweli. Mtaani mbuyu ni baba, na darasani kwetu kuna watoto ambao neno hilo ni kidonda. Nikaondoa matunda ya rangi za vyama vya siasa. Nikaondoa maneno yenye r na l zinazochanganywa, maana mtoto anayesema "mrima" ataandika "mrima", na mashine haina huruma.

Yaliyobaki yalikuwa vitu vya nyumbani na vya angani: kijiko, mkeka, kamba, ufagio, mwezi, tufani. Hakuna anayetukanwa kwa kuitwa mkeka. Angalau bado sijasikia.

Kisha tukagawa kama kura ya chama. Nilikata vikaratasi 42, nikavikunja, nikavitia kwenye sufuria niliyoazima jikoni, kila mtoto akachomoa. Hakuna mpangilio wa rejista, wa meza wala wa mvulana na msichana. Mimi nilikaa na daftari nikaandika: neno hili, mtoto huyu. Halafu nikaifanya orodha ya kupandisha kwenye mfumo, faili ya CSV yenye safu mbili tu, jina la kuingilia na nenosiri. Jina halisi halikuingia kwenye faili hiyo kabisa. Hili ni jambo dogo, lakini hapo ndipo watu wengi huteleza: wanaongeza safu ya tatu ya majina halisi "kwa urahisi", halafu faili inakaa kwenye barua pepe, kwenye flashi, kwenye kompyuta ya saiba walikochapishia.

Ufunguo wenyewe ni karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Moja iko kwenye kabati la naibu, lenye kufuli. Nyingine ninayo mimi, na haitoki shuleni. Mwalimu mwingine akihitaji kujua nani amefanya kazi gani, anakuja tunaangalia pamoja. Hapigi picha. Mwanzoni walinuna, wakaniambia naficha alama kama ni siri za serikali. Sasa hivi majina yenyewe wameyashika. Mwalimu wa hisabati aliniambia juzi kwenye ofisi ya walimu, "Huyo Mkeka wako ana kichwa." Na mtu wa nje aliyekuwa anasikiliza hakujua tunamwongelea nani.

Nilijaribu mfumo wote kabla ya kuufungua. Nilimpa rafiki yangu anayefundisha shule nyingine, anayewajua watoto wetu kadhaa kwa sababu ya michezo, orodha ya majina 42 ya kuingilia na orodha ya majina 42 halisi. Nikamwambia aziunganishe. Alikaa nazo chakula chote cha mchana. Alibahatisha, akapata mmoja. Ningefanya mtihani huohuo na orodha yangu ya kwanza, angemaliza kabla chai haijapoa.

Lakini sitaki udhani nimejenga ukuta. Darasa zima lilijua nani ni nani kabla ya kengele ya saa kumi. Watoto hawana siri ya aina hiyo, na sikuwa najaribu kuwaficha wao kwa wao. Jina la aina hii linamlinda mtoto dhidi ya mtu aliye nje anayetafuta. Halimlindi dhidi ya aliyekaa naye dawati moja. Wala halimlindi dhidi yake mwenyewe: wiki ya kwanza nilikuta mmoja amejirekodi ndani ya kazi yake akisema jina lake na mtaa wake kwa Kiingereza safi. Mwingine aliweka picha yake na sare, nembo ya shule ikisomeka. Mwingine akawa anatumia jina lilelile la klabu kwenye mchezo wa simu, na hapo mtu akiunganisha vipande viwili anapata cha tatu. Kwa hivyo kila Ijumaa kabla ya kitu chochote kushirikishwa, tunakaa tunapitia. Sauti, picha, maelezo. Ni kazi, inakula nusu ya kipindi.

Na kuna lile swali ambalo bado linanisumbua.

Kijiko alirudi klabuni baada ya wiki mbili. Mamake alikubali kwa sharti la kuona ile karatasi ya idhini na kuisoma mstari kwa mstari mbele yangu, akaniuliza maswali ambayo nilipaswa kujiuliza mimi. Katibu naye alishaelezwa: hakuna kumjibu mtu yeyote kuhusu mtoto huyo kwa simu. Babake hakuja siku ya wazazi. Sijui kama atakuja siku nyingine. Mama Kijiko hajui pia, na sasa anaishi na hilo kwa sababu yangu. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mwalimu, fanya kazi yako vizuri tu."

Kijiko alitengeneza mchezo mpya. Paka yule, lakini sasa ukuta unasogea, na ukigonga mara tatu unaanza upya. Ni mzuri, kusema ukweli. Mtu wa nchi nyingine aliuona akaacha maoni ya kuusifu, kwa jina la kuingilia la Kijiko. Alisoma, akatabasamu, halafu akanigeukia.

"Tichaa, sasa nani atajua ni mimi nimeufanya?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mimi najua, mamake anajua, darasa linajua. Akatingisha kichwa vile watoto hutingisha wakikuonea huruma. Alichouliza ni kikubwa. Tunamfundisha kutengeneza kitu, kisha tunamwambia jina lake lisikae juu yake, na sababu si kosa lake.

Mwisho wa muhula tulifanya maonyesho ndani ya ukumbi, mlango umefungwa, wazazi walioalikwa kwa barua ya mkono. Nilimwomba kila mtoto asimame mbele ya mashine yake aseme jina lake halisi kwa sauti, lote, kisha aonyeshe kazi. Simu zote zilikuwa kwenye kikapu mlangoni. Kijiko aliposimama alisema majina yake matatu polepole, kama mtu anayeyahesabu kuona kama yote bado yapo. Mamake alikuwa mstari wa mbele.

Wakimaliza Gredi ya 9, ile karatasi kwenye kabati la naibu tutaichana mbele yao, na yangu pia. Kabla ya hapo kila mtoto atanakili mstari wake mmoja aende nao. Baada ya siku hiyo, mtu pekee anayeweza kusema Kijiko ni nani atakuwa Kijiko mwenyewe, akitaka.